Fishi ikipotea, isilipwe na mugonjwa

"Fishi yako haionekane, mama. Lipa ingine." Kila mutu mwenye alishapanga mustari asubuhi kwenye kituo cha afya hapa Lubumbashi anajua maneno hayo. Mama analipa, anapewa namba mupya, anaenda kungoja. Na kwenye karatasi ile mupya yeye ni mutu mwenye hajawahi kugonjwa, hajawahi kupasuliwa, hana dawa yenye inamuzuru.

Jambo la kwanza lenye kupaswa kubandikwa kwenye resepsioni, pembeni ya bei, ni hili: fishi yenye inabakia kituoni inalindwa na kituo. Ikipotea, mugonjwa hatoe hata franga moja, na asipewe namba mupya. Karti ndogo yenye anabeba nyumbani, hiyo akiipoteza ni yake. Fishi hapana.

Tena, mara nyingi fishi haikupotea. Iliwekwa mubaya. Mama mumoja mwenye alihama Pweto na kukaa kwa ndugu Kampemba, mimba ya miezi 7, anaweza kuwa mufano. Mutu wa resepsioni anatafuta 1452 na hapate kitu. Aangalie kwanza 1425, kisha fishi 10 za mbele na 10 za nyuma, na afungue zile nene, kwa sababu karatasi nyepesi inaingiaka ndani ya ingine. Kisha jina. Ngoy na Ngoie, Mwamba na Muamba, jina la baba mbele ao nyuma: familia zenye zilihama zinaandikwa na mutu tofauti kila mahali zinafika, na kila mutu anaandika vile amesikia. Kisha vyumba: meza ya konsultasyo, labo, maternite, farmasi, na meza ya infirmieri titileri, mahali fishi zinalala mwisho wa mwezi wakati wa ripoti. Dakika 15 zinatosha. Na mugonjwa wa haraka hangoje hata moja: anaingia, fishi inatafutwa nyuma yake.

Jina lake lisiitwe kwa sauti mbele ya watu wote pamoja na ugonjwa wake. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wenye wanaishi na VVU, na inafika mupaka kwenye dirisha la resepsioni.

Kazi hii yote ingekuwa fupi kama kungekuwa fantomu. Ni kipande cha karto chenye kinaachwa mahali pa fishi kila mara inatoka: namba, tarehe, nani ameichukua. Karto ya sanduku la dawa inatosha. Kwenye haiko, kutafuta ni kubahatisha tu.

Fishi ikikosa kabisa, infirmieri titileri anaambiwa siku ileile, inaandikwa kwenye kaye ya fishi zilizopotea, na duplikata inaanza. Wamoja wanasema kompyuta ya zoni de sante itasaidia. Haisaidie: ripoti ya mwezi yenye inaingia kwenye DHIS2 ni hesabu tu, haina majina. Majina iko kwenye marejista. Kwa hiyo mama anaulizwa: ulikuja mbele ya Pasaka ao nyuma? Na wiki hiyo rejista ya mimba inafunguliwa, kisha ya labo, kupata kundi la damu na majibu ya vipimo. Juu ya karatasi kunaandikwa DUPLIKATA, namba ya zamani, tarehe, jina la mwenye kuandika, na kila musitari unasema umetoka rejista gani. Chenye hakikupatikana kinaandikwa "haijulikane". Kubuni ni hatari kuliko kuacha wazi.

Kisha mwenye kumupima anamuuliza pembeni: dawa gani inakuzuru, unakunywa dawa gani sasa, ulishapasuliwa? Hapo ndipo mama wa Pweto anasema mutoto wa kwanza alitoka kwa sezarieni. Kovu ya kizazi inaweza kupasuka wakati wa uchungu, kwa hiyo anapaswa kutumwa kuzalia hospitali jenerali, mahali kuna wapasuaji na damu. Namba mupya ya haraka haingemuuliza hivyo. Angezalia palepale kituoni.

Vituo vinajibu kwamba karatasi ina bei, na kwamba vinaishi kwa makuta ya wagonjwa. Ni kweli, vingi vinaishi hivyo. Lakini mama huyu alishalipa fishi mara moja. Kumulipisha tena kunafanya kupoteza kuwe na faida, na hakuna mutu anatafuta kitu chenye kinamuletea makuta kikikosekana.

Fishi ya zamani ikionekana kisha wiki 2, isitupwe, na duplikata isitupwe. Zinashonwa pamoja chini ya namba ileile 1452, na kwenye kaye kunaandikwa ilionekana wapi.