CV ya skolashipu: je, 66.4 ni nyingi au ni chache?

Kazi ilinibana nikawa kimya, lakini wiki hii kuna jambo limenitoa mafichoni. Kijana mmoja aliyenifuata chuoni alinitumia CV yake saa tano usiku na ujumbe mfupi: "Kaka, ipitie tu haraka, nimebakisha siku 9." Anaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta huko Ujerumani, na ufadhili juu yake.

Nikaifungua. Kurasa 4. Ukurasa wa kwanza una dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho na alama za KCPE. Halafu kuna vile vibao vya rangi vinavyodai anajua Python kwa asilimia 85. Asilimia 85 ya nini, mwanangu? Vyote hivyo tulivifuta kwa dakika 10. Kilichotukesha ni mstari mmoja: "Wastani: 66.4".

Mkenya akiusoma mstari huo anaelewa mara moja. Ni daraja la pili, ngazi ya juu, na kijana hakuwa mbali na daraja la kwanza linaloanzia 70. Lakini CV hii haisomwi na Mkenya. Anayeisoma ametoka katika mfumo ambao 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, na mezani pake kuna maombi kutoka nchi nyingi, kila moja na mizani yake. Ili ayalinganishe, vyuo vingi vya huko hutumia kanuni hii:

```
x = 1 + 3 * (Nmax - Nd) / (Nmax - Nmin)
```

Nd ni alama uliyopata, Nmin ni alama ya chini ya kufaulu, na Nmax ni alama ya juu kabisa inayopatikana katika mfumo wako. Hapo kwenye Nmax ndipo penye balaa. Tukiweka 100 kama Nmax na 40 kama Nmin, kijana wetu anapata 2.68, yaani 2.7. Kozi nyingi za uzamili huko hutaka 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo nje! Tukiweka 70, pale daraja la kwanza linapoanzia, mtu yuleyule na mitihani ileile anapata 1.36. Sisemi 70 ndiyo sahihi, maana wapo wanaopata zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba hesabu inayochukulia 100 kuwa kitu cha kawaida haijui jinsi wahadhiri wetu wanavyosahihisha. Muulize yeyote aliyesomea hapa kama amewahi kumwona mtu mwenye wastani wa 95.

Basi kijana akaniuliza, "Sasa niandike 1.4?" La hasha. Uamuzi wa Nmax si wako, ni wa chuo kinachokupokea, na ukijibadilishia alama mwenyewe utaonekana mjanja wa bei rahisi. Andika alama yako kama ilivyo, kisha uipe mizani yake papo hapo. Mstari wake sasa unasomeka: "Wastani 66.4 kati ya 100 (kufaulu 40, daraja la kwanza 70 na zaidi), nafasi ya 9 kati ya wahitimu 61."

Hiyo nafasi ya 9 hakuwa ameiandika kabisa! Alidhani ni mambo ya shule ya msingi. Kumbe ndiyo namba pekee isiyohitaji kutafsiriwa, kwa kuwa 9 kati ya 61 ni 9 kati ya 61 popote duniani. DAAD, kwa mfano, katika mpango wao wa EPOS, huzungumzia matokeo yaliyo katika theluthi ya juu, na theluthi ya watu 61 ni kama watu 20. Lakini usiiandike kwa kukisia. Omba idara ikupe barua yenye muhuri, kwa sababu dai lisilo na karatasi nyuma yake litakurudia.

Kuna kosa jingine dogo ambalo naliona kila mara, nami nimelifanya. Transkripti nyingi zina ufunguo wa alama uliochapishwa upande wa nyuma: A ni kuanzia 70, B ni 60 hadi 69, na kuendelea. Watu huskani upande wa mbele tu. Miaka miwili iliyopita niliomba nafasi mahali fulani, nikajibiwa kwamba wastani wangu haufiki kiwango. Nilipoifungua tena faili niliyotuma, ufunguo haukuwemo. Labda hata ungekuwemo ningekataliwa tu, sijui. Ila bado linaniuma.

Uongozi nao una ugonjwa uleule wa kukosa mizani. Aliandika "Mwenyekiti, klabu ya kompyuta, 2021 hadi 2022", basi. Nikamuuliza alifanya nini hasa. Aliendesha darasa la Python kila Jumamosi kwa wiki 10. Walianza watu 40, wakamaliza 17, na 3 kati ya hao ndio waliofundisha kundi lililofuata. Aliona haya kuitaja 17, akitaka tuandike 40 peke yake. Nilimkatalia. Mtu aliyewahi kufundisha anajua kwamba darasa la hiari hupungua, na wale 3 waliobaki kufundisha wenzao ni ushahidi kuliko cheo chenyewe.

Tukafika kwenye mada za utafiti. Alikuwa ameorodhesha akili unde, usalama wa mitandao, data kubwa na bloku cheni. Huo si utafiti, hiyo ni menyu ya hoteli. Nikamwambia aniambie mradi wake wa mwaka wa nne ulimshinda wapi. Hapo akachangamka! Alitengeneza programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili kwa kutumia orodha ya maneno. Alipoijaribu kwenye habari za gazeti, ilipiga mstari mwekundu chini ya "wanaokitumia" na "hawajatuletea", maneno yasiyo na kosa lolote. Sababu ni kwamba kitenzi chetu hujengwa kwa vipande (wa-na-o-ki-tumi-a), na ukibadilisha kipande kimoja unapata neno jipya. Hakuna orodha itakayoyamaliza.

Wapo waliolishughulikia tatizo hili kwa sheria zilizoandikwa kwa mkono, kama Arvi Hurskainen na mfumo wake wa SALAMA katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Swali la kijana ni je, kompyuta inaweza kujifunza vipande hivyo yenyewe kutokana na maandishi machache, na inakosea wapi ikilinganishwa na sheria hizo? Tuliliandika hivyo, kwa sentensi mbili, tukafuta menyu yote. Mradi wenyewe, uliopata 74, tukaupandisha juu kabisa ya ukurasa wa pili.

Alibaki na swali moja: ile 41 ya hesabu ya mwaka wa kwanza aifiche? Haifichiki, imo kwenye transkripti. Tuliweka wastani wa miaka miwili ya mwisho, 71.2, chini ya wastani wa jumla, bila kisingizio chochote.

CV sasa ina kurasa 2. Transkripti ameiskani upya, mbele na nyuma. Barua ya nafasi darasani ndiyo bado. Karani wa idara amemwambia arudi Alhamisi, na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.