Nyumba na Maisha: Jana usiku nani alilala wapi?

Wiki zilizopita tulizungumza juu ya kujenga: matofali, manjanja, bei ya simenti inayopanda kila barabara ikiharibika. Leo tunazungumza juu ya jambo linalokuja nyuma, wakati nyumba imeisha, fundi amelipwa, na watu wameingia. Ni kurudi katika nyumba hiyo kisha mwaka mmoja, kuangalia ni wapi ramani yake ilikosea.

Kwa nini mwaka mmoja? Kwa sababu hapa Salamabila nyumba haijulikani mpaka ipite mvua yote, tangu Septemba mpaka Mei, na tena ipite kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Nyumba iliyoisha Julai inaonekana nzuri kwa kila mtu. Ukirudi Julai nyingine, ukuta wenyewe utakusimulia.

Mfano mkubwa wa kazi hii ulifanyika kwa jirani zetu wa Tanzania, katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Kuanzia mwaka 2014, mchora nyumba wa Denmaki, Jakob Knudsen, na daktari wa malaria Lorenz von Seidlein, pamoja na wenzao, walijenga pale nyumba sita za majaribio, kwa kufuata nyumba za Asia ya Kusini-Mashariki. Kuta zilikuwa nyepesi na zinapitisha hewa: mianzi, mbao, au wavu wa kivuli. Vyumba vya kulala viliinuliwa juu ya ardhi, na madirisha yaliwekwa wavu wa mbu. Pembeni waliacha nyumba za udongo kama zilivyokuwa. Nyumba zingine za udongo walizirekebisha tu: paa lililovuja likatengenezwa, madirisha yakawekwa wavu, nafasi kati ya ukuta na paa ikazibwa, sakafu ikapigwa simenti.

Hawakuishia kwenye picha ya siku ya ufunguo. Walirudi mara kwa mara, wakapima joto la ndani, wakategesha mitego ya mbu vyumbani. Katika nyumba za ghorofa, mbu walipungua zaidi ya tisa kwa kila kumi. Katika nyumba zilizorekebishwa mbu walipungua pia, lakini kidogo kuliko pale. Na joto la usiku? Nyumba za kuta nyepesi zilikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 2 na kitu kuliko za udongo, hata zile zilizorekebishwa. Baadaye watu wale wale waliendelea na nyumba 110 katika vijiji vya mkoa wa Mtwara, na watoto wa nyumba hizo wakafuatiliwa pamoja na watoto wa nyumba za kawaida.

Nyuzi mbili inaonekana ni kitu kidogo. Lakini mama anayelala na watoto wawili ndani ya chandarua anajua maana yake. Chumba kikiwa na joto, mtoto anarusha mguu nje, anavuta chandarua, mwisho anaomba kulala chini kwenye mkeka. Hapo ndipo nyumba iliyojengwa kumzuia mbu inamsaidia mbu.

Basi tuone jambo hilo katika nyumba kama zile tunazojenga hapa. Chukua nyumba ya matofali ya kuchoma, salo moja na vyumba viwili, manjanja juu, bila plafo. Sababu ya wezi, chumba cha watoto kina dirisha moja dogo la mbao, na usiku linafungwa. Nafasi iliyobaki kati ya ukuta na manjanja imezibwa kwa vipande vya tofali na udongo, kusudi mbu na nyoka wasiingie. Mwenye nyumba anafurahi, na kweli ni nyumba yenye nguvu.

Ukienda kuitazama kisha mwaka, usianze kwa kuuliza, «Mama, nyumba unaipenda?» Atakuambia ndiyo, kwa sababu ameijenga kwa taabu, na wewe ni mgeni. Muulize, «Mama, jana usiku nani alilala wapi?» Mtaje kila mtu wa nyumba: baba, bibi, kila mtoto. Kisha omba akuonyeshe mahali penyewe. Mara nyingi utasikia kwamba chumba cha watoto kinalaliwa na magunia ya mpunga, na watoto watatu wako salo kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi mpaka saa nne za usiku.

Sasa tazama alama. Chandarua kimefungwa fundo juu ya msumari, na fundo lina vumbi: hakijashushwa siku nyingi. Kitanda kimesogezwa mbali na ukuta wa upande jua linapozama. Weka mkono juu ya ukuta huo saa mbili za usiku. Ukiwa bado na joto, umepata jibu. Manjanja yanawaka mchana lakini yanapoa haraka jua likizama. Tofali ni kinyume: linakunywa joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, wakati ule ule watoto wanapolala. Na hewa ya moto haina pa kutokea, kwa sababu dirisha limefungwa na juu kumezibwa.

Hapa mtu anaweza kusema kosa ni la mama, hashushi chandarua. Hapana. Mama ametumia nyumba jinsi nyumba ilivyomruhusu. Kosa liko kwenye ramani: chumba kina tundu moja, na upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Fundi naye hana kosa, alijenga alichoambiwa.

Kutenganisha hayo ni kazi kubwa ya matembezi haya, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Mfano wa pili ni wa haraka. Ukiona maji yanadondoka katikati ya chumba, panda utazame misumari. Kama imepigwa bondeni mwa manjanja, pale maji yanapopita, badala ya mgongoni, hilo ni kosa la fundi, aitwe arudi. Lakini ukiona chini ya ukuta wa nje tofali zimelika na kuwa nyekundu, kwa urefu wa goti, tazama paa limetoka nje kiasi gani. Likitoka shubiri moja tu, mvua inapiga ukuta na matone yanaruka kutoka ardhini. Hilo ni kosa la ramani. Nyumba inayofuata itoe paa angalau urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na zaidi kama manjanja yanaruhusu.

Turudi kwenye chumba cha watoto. Kukibomoa hakuna faida, na kuta za wavu kama za Magoda mwizi atazipasua kwa kisu. Lakini mambo matatu yanawezekana, na tunayapanga kwa kufuata mfuko.

La kwanza, toboa tundu la pili, juu, katika ukuta mwingine wa nje, likitazamana na dirisha kama inawezekana. Upana wa tofali mbili unatosha kuanza. Chumba kikiwa na ukuta mmoja tu wa nje, tundu liwe juu ya ukuta wa salo. Halafu matundu yote mawili yawekwe vyuma kwa ajili ya mwizi na wavu wa mbu kwa ndani. Siri iko hapa: dirisha lenye vyuma na wavu linaweza kubaki wazi usiku kucha, na dirisha la mbao peke yake haliwezi. Wavu ubanwe kwa vipande vya mbao pande zote nne. Ukipigwa misumari tu, pembe zinaachia. Pitisha kidole pembeni: kikipenya, mbu atapenya.

La pili, fungua juu ya ukuta wa pembe tatu, karibu na kilele cha paa, uweke matofali yenye matundu na wavu nyuma yake. Hewa ya moto inapanda, nayo itatokea pale. Kama unaweka plafo ya mikeka, usiizibe kabisa hapo juu ya ukuta huo, acha njia ya hewa.

La tatu halina gharama kubwa: kivuli kwa ukuta wa jua la jioni. Baraza ndogo ya majani, au mstari wa migomba hatua chache kutoka ukuta, ili maji yake yasilowanishe msingi. Tofali ambalo halikupata jua halina joto la kurudisha usiku.

Mipaka yake tuiseme wazi. Hata chumba kikipoa, chandarua kinabaki, kwa sababu wavu wa dirisha haumzuii mbu anayeingia kwa mlango jioni, mama akitoka na kuingia na mbabula na masufuria. Ndiyo maana nyumba za Mtwara ziliwekewa milango inayojifunga yenyewe. Na anayekaa nje mpaka usiku anaumwa na mbu nje. Nyumba inalinda saa za kulala tu, lakini ndizo saa nyingi ambazo mbu wa malaria anauma.

Je, utajuaje kwamba pesa haikupotea? Rudi kisha wiki mbili na swali lile lile: jana usiku nani alilala wapi? Kama watoto wamerudi chumbani na fundo la chandarua limefunguliwa, dawa imefanya kazi. Kama bado wako salo, usimlaumu mtu. Tafuta sababu nyingine. Labda ni moshi wa jikoni unaoingia kwa tundu jipya, labda ni panya wa magunia yale.

Kwa vikundi vyenye likilimba ya kujenga, tunapendekeza hivi. Kabla mwanamke wa zamu hii hajachora msingi, wawili kati yenu waende katika nyumba iliyojengwa zamu ya mwaka uliopita, wakati wa jioni, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Waandike katika daftari mistari mitatu tu: nani analala wapi, nini kimesogezwa au kuzibwa tangu siku ya kuingia, na ukuta gani una joto saa mbili za usiku. Majibu yasisomwe kwa jina la mama mbele ya watu, maana hakuna atakayefungua mlango wake mara ya pili akichekwa. Yasomwe kwa fundi, kabla hajapanga tofali la kwanza la nyumba inayofuata.