Lita 360 Ambazo Bodi Haikuziuliza

Kutoka Kinna, na Mwana Waso

Wiki hii nimeketi nyuma ya chumba hapa Kinna nikisikiliza bodi ya kisima kirefu ikisomewa hesabu za robo mwaka, Julai hadi Septemba, na hasira niliyotoka nayo haijanipoa. Kisima chenyewe sikitaji, na mhasibu simtaji, kwa sababu ripoti za namna ile nimezisikia Duse, nimezisikia Garba Tula, na kila mahali wazee wamefanyiwa yale yale.

Mhasibu alifika kwenye fungu la dizeli. Bajeti shilingi 315,000, matumizi shilingi 432,000, tumezidi kwa asilimia 37. Sababu: kupanda kwa bei ya mafuta. Hakuna aliyeuliza, maana nani hajui mafuta yamepanda? Akahamia kwenye matengenezo ya jenereta. Bajeti 45,000, matumizi 5,000. Hapo uso ukamchangamka, akasema bodi imeokoa shilingi 40,000. Haji mmoja akasema mashallah, akina mama wawili wakapiga makofi, ripoti ikapitishwa, dua ikasomwa, chai ikaletwa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua vita yangu na hii "kupanda kwa gharama". Leo nasema waziwazi: bodi ile haikuelezwa chochote. Ilipewa asilimia ikanyamaza, na mashine inaharibika huku wenye mashine wakipiga makofi.

Baada ya chai niliomba risiti za dizeli na daftari la jenereta, nikapewa bila ugomvi. Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyosingiziwa. Bajeti ilikadiria lita 1,800 kwa shilingi 175. Risiti zinasema zilinunuliwa lita 2,400 kwa shilingi 180. Bei basi ilipanda kwa shilingi 5 tu. Zidisha 5 kwa lita 2,400, unapata shilingi 12,000. Katika shilingi 117,000 zilizozidi, bei imekula 12,000. Zile 105,000 nyingine ni lita 600 zaidi zilizochomwa, au zilizosemekana kuchomwa. Bei ya mafuta haifichiki hata kidogo: EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi na redio zote huisoma. Mhasibu angeweza kuikagua kabla hajafungua mdomo.

Sasa hizo lita 600 zilikwenda wapi? Jenereta ile, ikiwa nzima, hunywa lita 6 kwa saa, na bajeti ilipangwa kwa saa 300. Mita ya saa iliyo kwenye mashine yenyewe inaonyesha saa 340. Saa 40 za ziada kwa lita 6 ni lita 240. Hizo nazikubali kwa mikono miwili, kwa kuwa Julai hadi Septemba huku kwetu ni kiangazi, mabwawa yamekauka na mifugo yote inarudi kisimani. Kosa la lita hizo si la mwendesha mashine, ni la bajeti. Aliyeiandaa alichukua lita 7,200 za mwaka mzima akazigawa kwa nne, kana kwamba ng'ombe wa Kinna hunywa kisimani sawasawa mwezi wa Agosti na mwezi wa Novemba mvua ikinyesha. Robo ya kiangazi ingepewa lita nyingi na robo ya mvua chache, na shilingi 42,000 za "tofauti" zisingeonekana kabisa. Bajeti iliyogawanywa kwa nne itaitisha bodi kila kiangazi na kuisifu kila masika, pasipo mtu kufanya vibaya wala vizuri.

Zinabaki lita 360. Kwa bei ya bajeti ni shilingi 63,000, zaidi ya nusu ya tofauti yote, na katika ripoti hazina hata sentensi moja. Gawanya lita 2,400 kwa saa 340: mashine inakunywa takriban lita 7 kwa saa, si 6. Ama imeanza kunywa kupita kiasi, ama dizeli haikufika kwenye tangi lake.

Hapa ndipo hasira yangu iliponipanda kweli. Zile 40,000 zilizopigiwa makofi ni pesa za kubadilisha oili na kusafisha au kubadilisha vichujio vya hewa na mafuta. Jenereta za dizeli za aina hii huhudumiwa takriban kila baada ya saa 250. Hii imekwenda saa 340 bila huduma hiyo, katika vumbi la kiangazi mnalolijua. Kichujio cha hewa kikiziba, injini haipati pumzi, inatoa moshi mweusi, inachoma mafuta mengi kwa kazi ile ile. Hakuna kilichookolewa. Huduma iliahirishwa, italipwa robo ijayo pamoja na chochote kitakachokuwa kimevunjika, na huenda tayari inalipwa kupitia fungu la dizeli. Mafungu mawili yale ni habari moja, na mhasibu aliyasoma kama wageni wawili wasiojuana. Wahasibu wengi huweka mpaka wa asilimia 10 ndipo wanaandika maelezo. Vizuri, lakini mpaka huo ni wa juu na wa chini. Fungu lililotumika kwa asilimia 11 peke yake linadai maelezo kuliko hata lile lililozidi kwa 37.

Nimesikia ikisemwa kwamba wazee hawakusomea hesabu, basi wapewe kwa ufupi. Hilo nalikataa kabisa. Kwenye bodi ile ameketi mzee aliyekuwa aba herega, mtu wa kupanga ni mifugo ya nani inakunywa leo na ya nani inangoja, kundi baada ya kundi, bila karatasi. Mwambie mzee huyo kwamba ng'ombe wake wamepungua kumi kwa sababu ya hali ya ufugaji, uone. Atakuuliza wangapi wameuzwa, wangapi wamekufa, wangapi wametolewa dabare kwa jamaa, na yule mwekundu yuko wapi. Hesabu ya dizeli haina zaidi ya hayo: ngapi ni bei, ngapi ni saa, ngapi ni mashine. Ukurasa mmoja unatosha, na safu tatu za shilingi: 12,000, 42,000 na 63,000. Angeletewa hivyo, asingesema mashallah. Angeuliza.

Na jibu la lita 360 linapatikana kwa asubuhi moja. Utazameni kwanza moshi wake, kisha badilisheni oili na vichujio, jazeni tangi hadi ukingoni, washeni pampu saa nne mfululizo, kisha jazeni tena kwa chombo cha kupimia. Mwenyekiti, mwakilishi wa wafugaji na mama mmoja wa bodi wasimame hapo hapo wakihesabu. Pimeni pia dizeli iliyobaki kwenye mapipa ya stoo, kwa sababu iliyonunuliwa Septemba mwishoni huenda bado ipo na imehesabiwa kuwa imetumika. Ikiingia lita 24, na mapipa ni matupu, basi jenereta ilikuwa mgonjwa au mafuta yalitoka, na moshi wa kabla ya huduma utawaambia ni lipi. Kama haukuwa mweusi, msimwite fundi. Mwiteni mwenye ufunguo wa stoo.