“Bado Ipo?” Jibu la Kuhifadhi Lisiseme “Ndiyo”



Mfunguo Mosi ukikaribia, sisi tunaokodisha magauni ya harusi hapa Unguja hatuhitaji saa ya kutuamsha. Simu inatosha. “Bado ipo?” “Hili lipo?” “Dada lipo lile jeupe la mkono mrefu?” Mwengine hata haandiki neno, anakutumia picha ya gauni na alama ya kuuliza. Hatumlaumu anayeuliza, maana bi harusi asipouliza atajuaje? Lakini anayejibu ni mtu mmoja, naye ana kazi ya kupiga pasi, kupokea mizigo, na watoto wanamsubiri wale.

Ndiyo maana wengi wetu sasa tunatumia posti zilizobandikwa juu ya ukurasa pamoja na majibu yaliyohifadhiwa kwenye simu. Ni msaada mkubwa. Ila tuna rai moja, na tunaisema wazi: hifadhi jibu la kila kitu kisichobadilika, lakini neno “ipo” usilihifadhi kamwe. Bei ya leo itakuwa hiyo hiyo kesho, lakini gauni lililokuwepo asubuhi huenda jioni lina mwenyewe. Ukimtumia bi harusi “ndiyo ipo” kwa kubonyeza tu, bila kutazama daftari, umemwambia jambo usilolijua. Yeye ataamini, atamwambia mama yake, atachagua viatu na maua kwa kufuata gauni lile. Ukija kumwambia baadaye kwamba limeshachukuliwa, hujamvunjia oda tu, umemvunjia na mipango ya nyumba nzima.

Kwa anayeuza kanga, mambo ni mepesi. Ana doti ishirini za aina moja, ikitoka moja zimebaki kumi na tisa. Gauni la kukodi ni moja, linakwenda na kurudi. Kwa hiyo swali la kweli si kama lipo, bali kama lipo kwa siku yake.

Tuchukue mfano. Bi harusi mmoja amelipia gauni kwa harusi ya Ijumaa tarehe 10 Aprili. Sisi tunalitoa siku moja kabla, Alkhamisi tarehe 9. Anatakiwa kulirudisha siku mbili baada ya harusi, yaani Jumapili tarehe 12. Kisha tunajiwekea siku tatu, tarehe 13 hadi 15, za kufua, kuanika ndani, kushona shanga zilizong’oka na kupiga pasi. Aprili ni masika, na gauni la matabaka ya neti halikauki kwa siku moja kwenye unyevu ule. Basi gauni liko huru tena Alkhamisi tarehe 16.

Wengi wataandika kwamba gauni halipo kuanzia tarehe 9 hadi 15, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Mwenye harusi tarehe 16 atasoma na kusema, “Alhamdulillahi, mimi nimo,” na kumbe yake lazima litoke tarehe 15, siku ambayo bado halijawa tayari. Na mwenye harusi tarehe 6 atajiona yuko mbali kabisa, lakini atalirudisha tarehe 8, na siku zake tatu za usafi zinaingia hadi tarehe 11. Ukihesabu vizuri, harusi moja ya tarehe 10 imefunga harusi zote za tarehe 4 hadi 16. Wa mwisho anayeweza kulivaa kabla yake ni mwenye harusi ya tarehe 3, na wa kwanza baada yake ni wa tarehe 17. Hizo siku kumi na tatu ndizo za kuandika kwenye posti, kwa lugha ya bi harusi: “Harusi za tarehe 4 hadi 16 Aprili zimefungwa.” Yeye anaijua siku yake ya harusi. Hesabu zako za kufua si kazi yake.

Sasa posti yenyewe. Instagram inakuruhusu kubandika posti tatu juu ya ukurasa wako. Sisi tunatumia ya kwanza kwa siku zilizofungwa, ya pili kwa bei na masharti, na ya tatu kwa vipimo. Ile ya siku zilizofungwa ina jambo moja la kuzingatia: maneno uliyoyachora ndani ya picha huwezi kuyabadilisha ukishaposti, lakini maelezo ya chini ya picha unaweza kuyahariri wakati wowote. Kwa hiyo picha iwe ya gauni tu, na tarehe zote ziwe kwenye maelezo. Mstari wa kwanza kabisa uandike, “Imesahihishwa Jumatatu tarehe 2 Machi, saa tatu usiku.” Uwe wa kwanza kwa sababu Instagram inakunja maelezo marefu, na wengi hawafungui kusoma yaliyobaki. Na uwepo kwa sababu posti hubaki na tarehe yake ya zamani hata ukiihariri leo, na msomaji hana njia nyengine ya kujua kama habari ni ya jana au ya mwaka jana.

Kwenye makundi ya WhatsApp mambo ni tofauti. Ujumbe unaweza kuubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, lakini kuuhariri unaruhusiwa ndani ya dakika 15 tu tangu uutume. Baada ya hapo, orodha yako imeganda. Ukiibandika orodha ya magauni kwa siku 30, kuanzia gauni la kwanza linapolipiwa ujumbe wako unasema uongo kwa siku zilizobaki, nao uko juu kabisa ambapo kila mtu anauona. Kwa hiyo kwenye kundi bandika masharti na mahali pa kutazama tarehe, si tarehe zenyewe.

Tunaomba pia orodha ibebe tarehe tupu, bila jina la bi harusi wala mtaa. Si kila familia inataka mji mzima ujue siku yao kabla kadi hazijatoka. Na gauni lipigwe picha likiwa limetundikwa, si picha ya aliyelivaa mwaka jana.

Tuje kwenye majibu ya kuhifadhi. Ukiwa na WhatsApp Business, ingia kwenye zana za biashara, fungua palipoandikwa Quick replies, andika ujumbe wako kisha uupe jina fupi. Siku ya pili ukiandika alama ya mkwaju `/` kwenye mazungumzo, majina yako yanatokea na unachagua. Programu inakubali majibu hadi 50, lakini kwa kazi hii matatu yanatosha.

La kwanza tumeliita `/siku`: “Waalaikumus salaam dada. Gauni hili ni moja tu, kwa hiyo naomba siku ya harusi na tarehe yake, nitazame daftari nikujibu leo kabla ya Isha.” Tazama kwamba halisemi lipo wala halipo. Linaomba siku na tarehe kwa pamoja kwa sababu ya mwezi. Mtu anasema, “Harusi yangu Mfunguo Mosi nane,” na mwezi ukiandama siku moja baadaye kuliko alivyodhani, hesabu nzima imesogea. “Ijumaa tarehe 10 Aprili” haisogei.

La pili ni `/bei`, lenye kodi, dhamana ya kurudishiwa, vipimo, na mahali pa kuja kujaribu. La tatu ni `/nafasi`, na hili ndilo linalozuia ugomvi: “Gauni linashikwa kwa arubuni, si kwa kuuliza. Ukiniambia unalitaka, nakuwekea saa 24. Zikipita bila arubuni, linafunguliwa kwa mwengine.” Ongeza pale pale arubuni ni kiasi gani na kama inarudi harusi ikiahirishwa, ili asome kabla hajatuma pesa.

Kanuni hii tunaipenda kwa sababu inatenda haki kwa wote wawili. Aliyetangulia kuuliza Jumamosi saa nne asubuhi ana haki yake hadi Jumapili saa nne asubuhi. Atakayekuja Jumamosi mchana na pesa mkononi hapewi, hata akiongeza. Anaambiwa, “Linasubiri jibu la mwenzio, kesho saa nne nitakuambia.” Kumpanda mwenzio juu ya bei aliyokwisha kubaliana, dini yetu imelikataza, na sote tunalijua hilo.

Wapo dada wanaotuambia kwamba majibu ya kuhifadhi ni makavu, hayana utu. Wana hoja. Mtu anaandika mistari mitano kuhusu harusi ya mdogo wake yatima, naye anajibiwa kwa bei na vipimo. Dawa yake ni kuusoma ujumbe kwanza. Jibu la kuhifadhi likishaingia kwenye sehemu ya kuandikia halijatumwa bado, unaweza kulitanguliza jina lake na dua fupi, na kufuta asichouliza. Sekunde kumi tu. Ila salamu ya kujituma yenyewe usiwekee neno lolote la kuwepo kwa gauni, maana hiyo hutoka wewe ukiwa umelala.

Utajuaje kama mpango wako unafanya kazi? Swali la “bado ipo?” halitakwisha, usilitarajie liishe. Litabadilika. Watu wataanza kuandika, “Nimeona tarehe 17 iko wazi, naomba nijaribu.” Ukiona badala yake wanakuletea tarehe uliyokwisha kuitoa, au wanauliza “hii orodha ni ya lini?”, ujue posti yako imelala. Afadhali uiondoe kabisa kuliko kuiacha. Ukurasa usio na orodha humfanya mtu aulize, lakini orodha ya zamani humfanya aamini. Sisi tunalifungua daftari kila usiku baada ya Isha, tunaandika waliolipa, na papo hapo tunasahihisha posti kabla simu haijawekwa chini.

Na wewe bi harusi, ukitaka jibu la haraka, usiulize “ipo?” peke yake. Tuma picha ya gauni, siku na tarehe ya harusi, na kipimo chako cha kifua na urefu. Kisha usiagize maua wala viatu mpaka usome ujumbe wenye tarehe yako mwenyewe ukisema, “limeandikwa kwa jina lako.” Hapo ndipo lipo.

Mwenyezi Mungu azijaalie harusi zenu heri na masikilizano. Amin.