Usimuulize rikruta kama "kuna chansi ya kuandikwa"

Juzi binamu yangu alinipigia simu akiwa choo cha ofisi, ananong'ona. Rikruta alikuwa amempigia na ofa mpya: mkataba wa miezi 6, shilingi 45,000 kwa mwezi, "na kuna chansi ya kuandikwa pamanenti." Sasa alitaka nimwambie aulize nini.

Nilijua kwa nini anaogopa. Hapo alipo sasa ni kampuni moja Mombasa Road, amekaa mwaka na nusu, mikataba 3 ya miezi 6, na kila mara anaambiwa "tutaona." Alipoiuliza ejensi iliyompeleka pale, wakamwambia aulize kampuni. Kampuni nayo ikamwambia, wewe ni wa ejensi. Bosi wake anampenda sana, hata amemfanya afunze watu wapya, na hao watu wapya wawili wameandikwa kabla yake. Manze hiyo inauma.

Shida ni lile swali aliuliza siku ya kwanza: "Kuna chansi?" Rikruta yeyote atasema ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Chansi iko kila mahali. Swali la maana ni nani anaamua, anaamua lini, na anaangalia nini.

Kabla ya hapo tuondoe uongo mmoja wa mtaani. Wengi wenu mnaamini ukifanya kazi miezi 3 mfululizo, sheria inakufanya wa kudumu. Hapana. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda kibarua, yule wa kulipwa kwa siku. Akiendelea kwa muda, anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi, na haki zake zinafuata. Hakisemi kwamba mtu wa mkataba wa miezi 6 anageuka kuwa wa kudumu. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake umeisha, na mahakama zetu zimerudia hilo mara nyingi. Kusema "nilitarajia wataurudia" haitoshi kama hakuna ahadi unayoweza kuonyesha. Kwa hivyo ahadi ya simu ni hewa.

Sasa, kuhusu wakati. Kuandikwa kunahitaji kiti, yaani nafasi ambayo imepitishwa kwenye bajeti. Unaweza kuwa mkali wa kazi na kiti hakuna. Kama mwaka wa fedha wa kampuni unaanza Julai na mkataba wako unaisha Septemba, mambo ya kiti chako yataamuliwa kabla hata hujamaliza. Bosi wako akikumbuka Agosti, ashachelewa. Ndio maana nilimwambia aulize hivi: hiyo nafasi iko kwenye bajeti tayari ama itaombwa? Nani ataiomba, na mwezi gani? Na kwa hiyo timu, watu wangapi walioingia kwa mkataba wameandikwa mwaka jana? Hilo la mwisho ndilo linamfanya rikruta anyamaze kidogo, na huo unyamavu pia ni jibu.

Alafu kuna mtego ambao watu hawaoni. Ukiandikwa, wengine wanakuanzisha tena na muda wa majaribio. Sheria inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi 6, na hayawezi kuongezwa bila wewe kukubali. Ukiwa ndani yake wanaweza kukutoa kwa notisi ya siku 7. Yaani umefanya kazi mwaka na nusu, unapongezwa, keki inakatwa, na kumbe kazi yako imekuwa nyepesi kuliko jana. Uliza kama muda wa mkataba utahesabiwa kama majaribio. Uliza pia tarehe ya kuanza kazi itaandikwa ipi, ile ya mkataba wa kwanza ama mpya. Siku wakipunguza wafanyakazi, malipo ya kuachishwa ni angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha, kwa hivyo hiyo tarehe ni pesa.

Tuje kwa marupurupu, na hapa ndipo nina hasira kidogo, kwa sababu rikruta wengi huongea kana kwamba mtu wa mkataba hana haki yoyote mpaka aandikwe. Swali la kwanza hapa ni moja: huu ni mkataba wa ajira ama wa kutoa huduma? Na peislipu itatoka kwa nani?

Kama ni wa ajira, hata wa miezi 6, likizo iko. Sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, na ukiondoka kabla ya mwaka kuisha unahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilisha, bora uwe umepita miezi 2. Miezi 6 ni siku 10 na nusu. Ukiugua baada ya miezi 2, una siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu katika mwaka. Kwa ile 45,000 utakatwa NSSF 2,700, SHA kama 1,238, nyumba 675, alafu kodi. Inauma, lakini mwajiri anaongeza 2,700 nyingine ya NSSF na 675 ya nyumba kutoka mfuko wake. Bima ya hospitali ya kibinafsi na bonasi ndizo si za lazima. Hizo ndizo za kuuliza kama zawadi, si likizo.

Kama ni wa huduma, utaombwa kutuma invoisi kila mwezi, na utakatwa asilimia 5 peke yake. Unapata 42,750 mkononi, unasherehekea. Lakini hakuna likizo, hakuna siku za ugonjwa, na ile asilimia 5 si kodi yote. Ukijaza ritani kabla ya 30 Juni, KRA inahesabu kilichobaki, na wewe ushakula. Na huwezi kuhama kutoka hapo kwenda kudumu kwa sababu hukuwahi kuwa mfanyakazi. Utaanza upya kama mgeni.

Binamu alimpigia rikruta jioni. Nilikuwa nimekaa kando.

"Madam, asante kwa ofa. Peislipu itatoka kwenu ama kwa kampuni?"

"Kwetu, dada. Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza."

"Na mkiniandika, hiyo miezi 6 itahesabiwa?"

Kimya. "Hiyo sijawahi kuulizwa. Wacha niulize wao."

Alipokata simu tulimwandikia ujumbe: "Madam, nashukuru kwa mazungumzo. Naomba unithibitishie kwa barua pepe kabla nisaini: ni mkataba wa ajira, nafasi ya kudumu itaombwa mwezi gani na nani, na miezi ya mkataba itahesabiwa kwa majaribio na likizo."

Kuna watu watasema huko ni kujifanya mjuaji, ati kazi zimekosekana na wewe unauliza maswali. Mimi naona rikruta akikasirishwa na hayo maswali 3, ashakujibu.

Huyu hakukasirika. Alijibu baada ya siku 2. Mkataba ni wa ajira, likizo iko, miezi 6 itahesabiwa kama majaribio. Kuhusu kiti, aliandika kwamba bado hakijaombwa. Binamu amekubali, lakini ameweka kumbukumbu kwa simu, mwezi wa 3 wa mkataba, amuulize meneja mpya kama ashaomba. Na ile barua pepe ameihifadhi mahali pawili.