Risala ya maktaba iombe vitabu kabla ya kuta

KALAMU YA IJUMAA
Na Salehe Mwinyigogo

Hafla ya hisani, yaani chakula cha jioni ambacho shule huwaandalia wazazi, wahitimu wa zamani na wafanyabiashara ili wachangie jambo maalumu, ina kipengele kimoja kinachoamua hatima ya usiku mzima, nacho ni risala. Risala ni tamko lililoandikwa na kusomwa mbele ya mgeni rasmi, likieleza hali ya shule, upungufu uliopo na kiasi kinachoombwa. Jambo linapokuwa maktaba mpya, risala nyingi za shule nchini Tanzania hufuata mkondo uleule: historia ya shule, idadi ya wanafunzi, matokeo ya mitihani, shukrani kwa meza kuu, kisha sentensi moja inayoomba mamilioni kadhaa ili kujenga maktaba ya kisasa. Kasoro ya ombi hilo ni kwamba linachukulia jengo kuwa ndilo maktaba, na mchangiaji hupewa nafasi ya kununua saruji na mabati pekee, ilhali vitu vitakavyomfanya mwanafunzi asome havikutajwa bei.

Sababu ya mkazo huo kuwekwa kwenye kuta inaeleweka. Jengo hupigwa picha, huwekewa jiwe la msingi na kubandikwa kibao chenye jina la aliyelichangia, wakati mshahara wa mkutubi, yaani mtaalamu wa kupanga na kutunza vitabu, hauwezi kuzinduliwa kwa kukata utepe. Isitoshe, jamii ya Tanzania ina mazoea ya muda mrefu ya wananchi kupandisha boma, yaani kuta za jengo lisiloezekwa, kwa nguvu zao wenyewe huku wakitarajia serikali ikamilishe. Utaratibu huo umezaa vyumba vingi vya madarasa, lakini maktaba haifanani na darasa, kwa kuwa darasa huanza kazi siku linapopata mwalimu na madawati, ilhali maktaba iliyokamilika bila vitabu hugeuzwa stoo au ukumbi wa mitihani, na ikishagawiwa kazi nyingine ni vigumu kuirudisha kwenye kazi yake.

Kipimo cha kuanzia kipo. Miongozo ya maktaba za shule iliyotolewa mwaka 2002 na Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba kwa kushirikiana na UNESCO ilitaja vitabu 10 kwa kila mwanafunzi kuwa mkusanyo wa kuridhisha, ikataka hata shule ndogo kabisa iwe na machapisho yasiyopungua 2,500, na ikapendekeza kwamba angalau asilimia 60 ya mkusanyo iwe vitabu vya maarifa vinavyohusiana na mtaala, visivyo vya hadithi. Vipimo hivyo ni vya juu kwa shule nyingi za Afrika Mashariki, lakini faida yake ni kwamba vinampa mwandishi wa risala hesabu badala ya sifa, kwa sababu neno "kisasa" halimwambii mgeni lolote kuhusu kinachopungua.

Ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari yenye wanafunzi 600, na bei zitakazotajwa zichukuliwe kuwa za makadirio ya kufundishia, kila shule ikiwajibika kutafuta za kwake kwa wauzaji. Kwa kipimo cha vitabu 10 kwa mwanafunzi, shule hiyo inahitaji vitabu 6,000, lakini hailazimiki kuvinunua kwa mkupuo. Inaweza kuanza na 2,500, kisha ikaongeza 700 kila mwaka kwa miaka mitano. Kitabu kimoja kikikadiriwa kuwa shilingi 12,000, mkusanyo wa kwanza unagharimu shilingi milioni 30, na nyongeza ya miaka mitano milioni 42. Kabati za vitabu, pamoja na meza na viti vya kutosha darasa zima kukaa kwa pamoja, vikadiriwe kuwa milioni 15. Mkutubi anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi atagharimu milioni 36 katika miaka hiyo mitano. Jumla ni shilingi milioni 123, na hapo hakuna tofali hata moja lililonunuliwa. Risala ambayo ingeomba milioni 150 za ujenzi na kunyamaza ingekuwa imeacha nje ya ukumbi gharama inayokaribia ile iliyotajwa, na gharama hiyo ndiyo yenye maktaba ndani yake.

Hesabu ya kabati inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa ndiyo inayoweza kugeuzwa kuwa ombi. Rafu moja yenye urefu wa sentimita 90 hubeba takribani vitabu 30 ikiwa unene wa kila kimoja ni wastani wa sentimita 3, lakini wakutubi hawaijazi rafu kabisa, kwa kuwa vitabu vilivyobanwa hupasuka mgongo vinapovutwa, na vitabu vipya vya somo lilelile hukosa pa kuingia. Rafu ikijazwa robo tatu hubeba vitabu 22, na kabati la rafu tano hubeba 110. Kabati hilo likigharimu shilingi 350,000, likiwa limejaa vitabu vyake litagharimu shilingi 1,670,000, kiasi ambacho meza ya wageni 10 inaweza kukitimiza kila mmoja akitoa shilingi 167,000. Mgeni aliyeombwa achangie sehemu ya milioni 150 huona mchango wake ukimezwa, ilhali aliyeombwa kabati kamili la fizikia au la riwaya za Kiswahili anajua alichokinunua na anaweza kurudi mwakani kukikagua.

Orodha ya vitabu nayo huandikwa kabla ya hafla. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo shule ikipokea shehena ya vitabu vya kiada vilivyopitwa na wakati, itakuwa imepokea mzigo wa kutunza wala si msaada. Risala inapaswa kusema kwa adabu kwamba zawadi za vitabu zitapokelewa kulingana na orodha ya shule, na kwamba visivyohitajika vitaelekezwa kwingine. Orodha yenyewe itofautishe anwani na nakala: vitabu 2,500 vyenye anwani tofauti 2,500 havilisaidii darasa la wanafunzi 45 wanaosoma tamthiliya moja ya fasihi, na vitabu 2,500 vilivyo nakala za anwani 20 pekee ni ghala la vitabu vya kiada.

Kazi ya mkutubi ndiyo isiyoonekana zaidi ukumbini, hivyo risala haina budi kuieleza kwa sentensi chache. Kila kitabu kinachoingia huandikwa katika daftari la usajili kwa namba yake pekee, hugongwa mhuri, kisha huainishwa, yaani hupewa alama ya somo lake kwa kufuata mfumo kama ule wa desimali wa Dewey, ambao huweka sayansi kwenye 500 na fasihi kwenye 800, halafu hubandikwa lebo mgongoni na kutengenezewa kadi ya kuazimia. Kitabu kisichopitia hatua hizo hakitafutiki kikihitajika wala hakidaiwi kikipotea, na mwalimu mwenye vipindi kamili hawezi kuifanya kazi hiyo jioni kwa vitabu maelfu. Tanzania ina chuo cha umma kinachofundisha fani hii, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo shule inayoomba fedha za mkutubi haiombi kitu kisichopatikana nchini.

Hatari nyingine ya usiku wa hafla imo katika namna matokeo yanavyotangazwa. Mshereheshaji hujumlisha taslimu, ahadi na vifaa kuwa tarakimu moja, ukumbi hupiga makofi, na kamati husaini mkataba wa ujenzi kwa kuitegemea tarakimu hiyo. Ikiwa zimetangazwa shilingi milioni 180, na ndani yake taslimu ni milioni 50, ahadi milioni 90 na vifaa vyenye thamani ya milioni 40, shule ina milioni 50 za kulipia kazi kesho yake, wala si 180. Ahadi, yaani neno la mgeni kwamba atalipa baadaye, ina thamani ikiwa na tarehe, namba ya simu na mtu wa kamati aliyepewa kuifuatilia, la sivyo huisha pamoja na ile hafla. Dalili ya mradi uliojengwa juu ya ahadi ni kuta zinazosimama kwenye linta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya madirisha, kwa kuwa taslimu ya usiku ule mara nyingi hufika hapo na kukoma. Kwa hiyo risala iahidi mapema kwamba hesabu itatolewa katika safu tatu zilizotenganishwa, na kwamba hakuna mkataba utakaosainiwa kuzidi kiasi kilichokwisha kuingia benki.

Suala la hiari nalo linahitaji uangalifu. Kenya, ambako harambee imekuwa wito wa taifa tangu uhuru wa 1963 na neno lenyewe limo katika nembo ya nchi, ilifikia hatua ya kuweka katika Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 masharti yaliyomzuia mtumishi wa umma kutumia cheo chake kushurutisha watu kuchanga. Katika ukumbi wa shule shuruti huwa na sura laini zaidi: jina la mzazi kuitwa kwa kipaza sauti, au mwanafunzi kupelekwa mezani na bahasha. Fedha zinazopatikana kwa njia hiyo hupatikana mara moja tu, kwa sababu mzazi aliyeaibishwa hakubali mwaliko wa pili, na maktaba inayohitaji vitabu 700 kila mwaka haiwezi kuishi bila mwaliko wa pili.

Risala inayotimiza hayo yote haihitaji kuwa ndefu. Isomwe kabla ya chakula, wakati mgeni rasmi na meza kuu wangali ukumbini, na isizidi dakika nne. Kifungu chake cha ombi kingeweza kusomeka hivi: "Shule ina wanafunzi 600 na inaomba kabati 23 zilizojaa vitabu, kila moja kwa shilingi 1,670,000, pamoja na mshahara wa mkutubi kwa miaka mitano, kila mwaka kwa shilingi 7,200,000. Maktaba itaanza katika chumba kilichopo, na jengo litaombwa vitabu vitakapokuwa vimekizidi chumba hicho." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inaifanya haja ya jengo ithibitishwe na wasomaji.

Kamati za shule zinazoandaa hafla za mwaka huu, kabla ya kumkabidhi mwanafunzi karatasi ya kusoma, zitafute ndani yake majibu ya maswali matatu: vitabu gani, nani atavitunza, na mwaka wa pili utalipiwa na nani. Risala isiyo na majibu hayo irudishwe kwa mwandishi wake.