Dawa za Ebola: kwa nini wagonjwa walipigiwa kura?

Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, wengi waliuliza: kama dawa ziko ine, kwa nini mgonjwa apewe moja kwa kura? Jibu liko ndani ya mpango wa jaribio la PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza tarehe 20 Novemba 2018. Lilifanyika Beni, Mangina, Butembo na Katwa.

Tuanze na sababu. Afrika ya Magharibi, dawa ya ZMapp ilikuwa imejaribiwa: kati ya wagonjwa 36 walioipata, 8 walikufa; kati ya 35 waliopata matunzo ya kawaida tu, walikufa 13. Ilionekana nzuri, lakini watu walikuwa wachache mno, na Ebola iliisha mbele ya kufikia wagonjwa 200 waliopangwa. Njo maana PALM haikuacha mtu bila dawa: ZMapp ikawa kipimo, na remdesivir, MAb114 na REGN-EB3 zikalinganishwa nayo.

Nani aliingia? Mtu wa umri wowote mwenye kipimo cha maabara kinachothibitisha Ebola, hata mama mwenye mimba. Kura iligawanya kwanza wenye virusi vingi na wenye virusi kidogo, ili kikundi kimoja kisibebe wagonjwa wazito peke yake.

Walihesabu nini? Kifo ndani ya siku 28. Homa inaweza kushuka leo na kurudi kesho, lakini kifo hakina ubishi.

Idadi je? Waganga walikadiria kama kwa ZMapp wangekufa 30 kwa 100, na wakatafuta dawa ya kupunguza nusu, hadi 15. Ukiwa na watu 20 kwa kila upande, hiyo ni vifo 6 dhidi ya 3. Bahati tu inaweza kuleta tofauti hiyo. Ukiwa na 125, inakuwa karibu 38 dhidi ya 19, na hapo bahati inashindwa kueleza. Walianza na 125 kwa kila kikundi, kisha lengo la jumla likapanda hadi 725.

Hawakulifikia. Mwezi wa Agosti 2019, kamati huru iliangalia wagonjwa 499 na ikaomba ZMapp na remdesivir zisimamishwe. Mwishoni, kwa ZMapp walikufa karibu 50 kwa 100, kupita makadirio; kwa MAb114 walikufa 35, kwa REGN-EB3 karibu 34.

Ila kuna mpaka. Hata kwa REGN-EB3, wenye virusi vingi walikufa zaidi ya 60 kwa 100. Wenye virusi kidogo, karibu 11. Dawa nzuri inasaidia zaidi yule anayefika mapema.